KARATASI YA SUKARI ISITUFANYE MABWEGE: Uliza friji, uliza daftari, uliza na damu yenyewe

Ndugu msomaji, hebu vuta kiti hapo kijiweni unisikilize. Wiki hii siandiki habari za vigogo na magari yao. Naandika habari ya karatasi ndogo yenye namba moja, karatasi ambayo mzee wako au shangazi yako hurudi nayo kutoka kliniki ameikunja kwenye mfuko wa shati, akaambiwa ndiyo ripoti ya sukari yake ya miezi mitatu. Namba ile inaweza kumwongezea dawa, kumpunguzia, au kumwambia amepona wakati anaoza mguu taratibu. Je, umewahi kujiuliza imetoka wapi?

Kuna kijana mmoja wa Mikumi, fundi pikipiki pale jirani na stendi. Umri wake ni miaka 34. Jina lake nalihifadhi, na jina la kliniki iliyompima nalihifadhi pia. Anaugua kisukari kwa miaka miwili na anameza vidonge vya aina mbili. Wakati wa mvua alipigwa na malaria kali, damu ikamwishia, akalazwa na kuongezewa chupa mbili za damu. Akapona, akarudi kwenye spana zake. Wiki sita baadaye akaenda kupima sukari. Alitobolewa kidole, tone likaingizwa kwenye kaseti, kaseti ikaingia kwenye mashine ndogo ya mezani, na baada ya dakika chache kioo kikaandika HbA1c 5.4%. Akaambiwa hongera, sukari yako imekaa vizuri, aina moja ya vidonge unaweza kuacha. Akaacha.

Bahati yake ni kwamba kaka yake ana kile kipimo cha nyumbani cha kutoboa kidole. Asubuhi tatu mfululizo, kabla ya kunywa hata chai, kikasoma 11.2, kisha 10.6, kisha 12.1. Sasa nani mwongo hapa, kipimo cha kaka au mashine ya kliniki?

Kabla ya kumkamata mwongo, tuelewe kwanza kile kipimo cha miezi mitatu kinapima nini. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna himoglobini, ile inayobeba hewa. Sukari inayoelea kwenye damu huganda juu ya himoglobini hiyo kidogo kidogo, na ikishaganda haibanduki mpaka chembe ife. Chembe moja huishi siku 120 hivi. Ifikirie kama basi linalopita barabara ya vumbi. Ukitazama unene wa vumbi kwenye bodi la basi ambalo halijaoshwa, unajua barabara ilikuwa na vumbi kiasi gani kwa muda wote lililosafiri. Ndiyo maana kipimo hiki hakijali kama jana ulikula ugali au ulilala njaa. Kinasoma vumbi la wiki nyingi, si la asubuhi moja.

Namba hiyo inaweza kugeuzwa ikawa wastani wa sukari ya kawaida, na hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Chukua HbA1c, zidisha kwa 1.59, kisha toa 2.59. Ya kijana wetu ni 5.4, kwa hiyo unapata wastani wa 6.0. Huo ni wastani wa mtu mzima mwenye afya. Sasa igeuze hesabu. Wastani wa zile asubuhi tatu ni 11.3. Ongeza 2.59, gawanya kwa 1.59, unapata karibu 8.7. Kweli, asubuhi tatu si miezi mitatu, na hesabu hii ni ya kukadiria tu. Lakini kati ya 5.4 na 8.7 pana shimo ambalo makadirio hayawezi kulifukia. Kuna kitu hakikwenda sawa.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokimbilia jibu rahisi: mashine ndogo ni mbovu, nenda maabara kubwa. Kijana naye alifanya hivyo. Akapanda basi mpaka Morogoro, akatolewa damu ya mshipa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, ikachambuliwa na mashine kubwa ya maabara. Jibu likatoka: 5.6%.

Umeshangaa? Hata yeye alishangaa. Mashine kubwa ilikubaliana na ile ndogo. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo penye somo lote la makala hii. Namba ya HbA1c inaweza kukupotosha kwa njia mbili tofauti kabisa. Kosa linaweza kuwa la mashine, au linaweza kuwa la damu. Maabara kubwa inaponya kosa la kwanza. Kosa la pili haliponyi, kwa sababu hata ingekuwa mashine ya mamilioni, inasoma vumbi la mabasi yale yale.

Damu ya kijana huyu ilikuwaje? Malaria ilivunja chembe zake nyingi. Mwili ukakimbilia kutengeneza mpya, na chembe mpya ni basi lililotoka gereji jana, halijapata muda wa kushika vumbi. Juu yake akaongezewa chupa mbili za damu ya watu wengine, ambao huenda hawana kisukari. Kwa hiyo mashine zote mbili zilipima sawasawa kile kilichokuwemo. Zilisoma damu changa iliyochanganywa na damu ya kuazima. Alipopimwa sukari ya kawaida ya mshipa pale pale maabara, akiwa hajala, ilikuwa 11.4. Huo ndio ulikuwa ukweli. Mtu asiyekula usiku kucha akifika 7.0 na kuendelea, na ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, huyo ana kisukari, karatasi ya miezi mitatu iseme itakavyo.

Shirika la Afya Duniani lenyewe, lilipokubali mwaka 2011 kwamba HbA1c itumike kutambua kisukari kuanzia 6.5%, liliweka wazi kwamba kuwa chini ya 6.5 hakumwondolei mtu ugonjwa ambao kipimo cha sukari ya kawaida kimeuonyesha. Sentensi hiyo ingebandikwa ukutani katika kila kliniki, watu wengi wangeokoka na hongera za bure.

Sasa fikiria tunaishi wapi. Bonde la Mkondoa kule Kilosa, Mikumi, Ulaya, mashamba ya miwa ya Ruhembe, kote huko malaria si hadithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, kiasi cha 11,000 kila mwaka. Mwenye selimundu kamili, yaani aliyerithi vinasaba viwili vya himoglobini S, hana himoglobini ya kawaida ya mtu mzima inayopimwa hapa, na chembe zake hufa mapema mno. Kwake HbA1c haina maana, apimwe kwa njia nyingine. Aliyerithi upande mmoja tu haumwi, na wengi wa namna hiyo hata hawajijui. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2017 kwa watu weusi wa kule uliona kwamba wenye upande mmoja husoma pungufu kama 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ile ile. Ni kidogo, lakini aliyekuwa awe 6.6 anaandikwa 6.3 na kurudishwa nyumbani.

Upande wa pili yupo mama mjamzito au dada aliyepungukiwa madini ya chuma. Kwake chembe huzalishwa kwa uhaba, zile za zamani zinabaki barabarani muda mrefu na kujaa vumbi. Namba inapanda bila sukari kupanda. Akiongezewa dawa kwa namba hiyo, siku moja sukari itashuka mpaka aanguke.

Haya, hayo ni makosa ya damu. Turudi kwa mashine ndogo, maana nayo ina ya kwake, na haya ndiyo yanayoweza kuzuilika kabisa.

Usije ukadhani mashine zote ndogo ni takataka. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuzipima aina 8 za mashine hizi. Sita zilishindwa kufikia kiwango kinachokubalika. Mbili zilipita, DCA Vantage na Afinion. Walipolirudia zoezi kwa aina 7 na kuchapisha mwaka 2014, zilizoshindwa zilikuwa 3. Kwa hiyo zipo nzuri na zipo za kubahatisha, na ukizitazama mezani zote ni visanduku vyeupe vyenye kioo. Tena walionyesha jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema: hata mashine ile ile ikipewa kaseti za toleo jingine la kiwandani inaweza kutoa jibu tofauti.

Lakini mashine nzuri nayo ina masharti. Kaseti zake hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Zikitolewa nje zina siku zake za kuishi, na tarehe ya kutolewa inatakiwa iandikwe kwenye boksi. Mashine yenyewe imetengenezwa ifanye kazi kwenye chumba cha nyuzi 15 hadi 32. Sasa niambie wewe uliyewahi kukaa Kilosa mwezi wa Novemba saa nane mchana, kwenye chumba cha bati kisicho na feni, kuna nyuzi ngapi humo ndani? Na boksi la kaseti lililosafiri juu ya injini ya basi kutoka Morogoro, kisha likakaa kwenye friji ambayo umeme ulikatika tangu juzi, bado ni kaseti au ni plastiki?

Halafu kuna mkono wa mpimaji. Tone linalotakiwa ni dogo mno, kiasi cha mikrolita 1 au moja na nusu. Kidole kikiwa bado kimelowa spiriti, damu inachujuka. Damu ikipakaa nje ya kile kimrija na isifutwe, kipimo kinaharibika. Kimrija kikishajaa kiingizwe mapema. Kwa DCA Vantage usizidishe dakika 5, la sivyo damu inaganda. Sasa weka foleni ya watu sitini, mhudumu mmoja na simu inayoita, uone dakika tano zinavyokwisha.

Mtaniuliza, je, mashine kubwa haina makosa? Inayo, lakini imezungukwa na walinzi. Kila asubuhi mtaalamu huipa damu ya majaribio ambayo jibu lake linajulikana. Ikikosea, kazi husimama. Baadhi ya mashine hizo hutenganisha himoglobini moja moja na kuchora mchoro, na mwenye himoglobini S huonekana hapo hapo kama kilima cha ziada, kitu ambacho mashine ya mezani inayotoa namba tupu haimwonyeshi mpimaji. Ubaya wake ni kwamba iko mbali, na jibu huchukua siku. Mlalahoi wa Ulaya hawezi kufunga safari mbili kwa ajili ya namba moja. Ndiyo maana mimi si adui wa mashine ndogo. Mgonjwa anapata jibu akiwa bado amekaa mbele ya daktari, na dawa inabadilishwa siku hiyo hiyo. Hilo ni jambo kubwa.

Swali ni lini tuiamini. Nitakupa mambo matatu, uyakate uyaweke mfukoni.

La kwanza, iamini zaidi kwa kufuatilia kuliko kwa kuhukumu. Hata mashine ndogo inayofanya vizuri hupepesuka. Chukua ile yenye mpepesuko wa asilimia 3. Damu ambayo ukweli wake ni 6.5 inaweza kusomwa popote kati ya 6.1 na 6.9 bila mtu yeyote kukosea. Kwa hiyo aliyesomwa 9.8 ana tatizo, hapana ubishi, na aliyeshuka kutoka 9.8 hadi 7.9 kweli ameshuka. Lakini aliyetoka 7.4 akaenda 7.1 hajashuka wala hajapanda, hiyo ni mashine inapumua. Tofauti ikiwa chini ya nusu, yaani 0.5, usiibadilishie dawa kwa sababu hiyo peke yake. Na anayesomwa karibu na mstari wa 6.5 kwa mara ya kwanza asiitwe mgonjwa wala mzima kabla ya kurudiwa kwa damu ya mshipa maabara.

La pili, ilinganishe na sukari ya kawaida. Fanya ile hesabu ya 1.59. Namba mbili zikigombana kwa kiasi kikubwa, usichague ile inayokufurahisha. Uliza: nimeugua malaria kali au kuongezewa damu ndani ya miezi mitatu? Nimetokwa na damu nyingi? Nina upungufu wa damu, selimundu, ujauzito? Jibu likiwa ndiyo, weka HbA1c pembeni, ufuatwe kwa sukari ya kawaida mpaka miezi mitatu ipite na damu itulie; mwenye selimundu yeye ndiyo moja kwa moja. Jibu likiwa hapana kwa yote, basi shuku mashine, na hapo safari ya maabara kubwa ina faida.

La tatu ni lako wewe kijana unayejiona chuma. Ukianza kukonda ghafla, kiu haikatiki, usiku unaamka kukojoa mara tano, usikubali kuambiwa HbA1c yako ni nzuri nenda nyumbani. Kisukari cha ghafla kinaweza kupandisha sukari ndani ya wiki chache, kabla vumbi halijashika mabasi. Sukari ya kawaida ipimwe siku hiyo hiyo. Ikisoma 11.1 au zaidi ukiwa na dalili hizo, hakuna cha kusubiri.

Sasa nigeukie wakubwa, maana wasije wakadhani nimewasahau. Mashine ya mezani inapendeza kupigiwa picha. Unaweza kukata utepe mbele yake, ukapiga makofi, ukapanda gari. Friji haipigiwi makofi. Damu ya majaribio haipigiwi makofi. Daftari la kuandika joto la friji asubuhi na jioni halipigiwi makofi. Lakini bila vitu hivyo vitatu, kile kisanduku ni mashine ya bahati nasibu, na mlalahoi ndiye anayecheza bila kujua.

Tunachodai hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kila kliniki ya Kilosa na Mikumi yenye mashine hii iwe na daftari la udhibiti lililo wazi, lionyeshe lini damu ya majaribio ilipimwa mara ya mwisho na ilisoma ngapi. Kila boksi jipya la kaseti lijaribiwe kabla ya kuguswa na mgonjwa. Na kila mwezi wachukue wagonjwa wachache, wawatoe damu ya mshipa kwenye zile chupa za kifuniko cha zambarau baada ya kuwapima kwa mashine ndogo, wazipeleke kwenye maabara yenye mashine kubwa, wayalinganishe majibu. Wasituambie ni mbali. Damu hiyo ikikaa kwenye baridi ya friji inavumilia wiki nzima. Mabasi ya barabara kuu yanapita Mikumi usiku na mchana, na Kilosa ina reli. Boksi la barafu na tiketi moja ndiyo gharama yenyewe. Mashine ndogo ikipishana na kubwa kila mara upande ule ule, inajulikana, inarekebishwa au inaondolewa. Bila kulinganisha, nani atajua?

Na wewe msomaji usisubiri waraka kutoka juu. Wiki hii ukimsindikiza mzee kliniki, muulize mhudumu kwa adabu: “Samahani dada, hizi kaseti zimetoka friji lini? Mashine mmeijaribu lini mara ya mwisho?” Mhudumu mwenye kazi yake atakuonyesha daftari na atafurahi kuulizwa. Akikuangalia kama umemtukana, umeshapata jibu.

Yule fundi wa Mikumi alirudishiwa vidonge vyake. Akaambiwa asipime ya miezi mitatu mpaka miezi mitatu ipite tangu aongezewe damu. Aliporudi, kwenye mashine ile ile ndogo iliyompa 5.4, kioo kiliandika 8.1. Mashine haikuwa imebadilika. Damu sasa ilikuwa yake mwenyewe.